Matriksi ya tatu kwa tatu iliyotumwa kwa picha: determinanti na invesi kwa opereshoni za mistari

Desemba iliyopita mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tano anasoma PCM, alikuwa likizo kwa bibi yake huko juu Kibosho, mi niko zangu Majengo hapa Moshi mjini, saa mbili usiku WhatsApp inalia, kufungua nakuta picha ya ukurasa wa kaunta buku na chini yake kaandika "Shikamoo mjomba, wametuambia tutafute determinanti na invesi ya hii ila mi naona haina invesi, niandike tu ni singula au?"

Nikaangalia picha, na mimi nikasoma kama alivyosoma yeye:

```
2   1   2
1   2   1
3   1   3
```

Na kwa hiki tulichosoma yuko sahihi kabisa, tena hata kukokotoa hakuna haja. Angalia safu ya kwanza ukishuka nayo chini, 2, 1, 3, alafu angalia safu ya tatu, 2, 1, 3 hizo hizo. Matriksi yenye safu mbili zinazofanana determinanti yake ni sifuri, na ikishakuwa sifuri invesi hakuna. Lakini swali limesema tafuta invesi. Mwalimu anaweza kuweka mtego, sikatai, ila mara nyingi akitaka mtego anaandika "tafuta invesi kama ipo" au anauliza moja kwa moja kama matriksi ni singula. Hivo ukikuta umeambiwa tafuta invesi na we umepata sifuri, kabla hujaandika chochote rudi kwenye picha, kwa sababu mara nyingi kosa liko kwenye macho na hesabu yenyewe haina shida. Ndo maana naanza na kusoma picha, opereshoni zinafuata.

Hatua ya kwanza, soma picha kabla ya kushika kalamu

Kaunta buku ina mistari ya bluu, na wengi tunaandika kwa biro ya bluu. Alama ya kutoa ni kistari kidogo kilicholala, sasa mtu akiwa anakopi haraka ubaoni anaiweka pale pale juu ya mstari wa daftari, na ukiangalia daftari lenyewe mkononi unaiona vizuri kwa sababu wino una ung'aavu wake, ila ukishapiga picha usiku na taa ya simu, alafu WhatsApp nayo ikaibana picha ili isile bando, kile kistari kinamezwa na mstari wa daftari kinapotea kabisa. Namba zenyewe zinabaki, kinachopotea ni hasi tu. Na hasi ikipotea hakuna kitu kinachokuonyesha kwamba kuna pengo, unabaki na namba nzuri tu iliyokaa mahali pake.

Nilivyoivuta ile picha kwa vidole viwili mpaka mstari wa kati ukajaa kwenye kioo, nikaona mbele ya ile 1 ya mwisho mstari wa bluu umenenepa kidogo, kama upana wa punje ya mchele, alafu unarudi kuwa mwembamba. Sehemu nyingine zote mstari ni mwembamba sawasawa. Hapo nikahisi ni hasi, lakini kuhisi hakutoshi, nikamwambia "Marahaba mama, hebu nisomee kwa kuandika, mstari kwa mstari, uangalie daftari lenyewe usiangalie picha." Hilo ndo jambo la maana kuliko yote kwenye hatua hii, anayeuliza aandike namba tisa kwa kutaipu, au we uzitaipu umtumie yeye ahakikishe. Namba tisa haziwachukui hata dakika.

Akajibu hata yeye hana uhakika, alikopi kwa mwenzake. Nikamuuliza swali linaishia wapi maana picha ilikuwa imekatwa chini, akasema kuna kipengele b, nikamwambia kipige. Akatuma, na pale imeandikwa tumia jibu la a kutatua:

```
2x +  y + 2z = 6
 x + 2y -  z = 4
3x +  y + 3z = 8
```

Hapo ubishi ukaisha. Kwenye mlinganyo ile alama inakaa katikati ya vitu viwili, haiwezi kujificha, na mstari wa pili unasema kabisa toa z. Kwa hiyo matriksi yetu halisi ni hii:

```
2   1   2
1   2  -1
3   1   3
```

Mambo mengine ya picha nayapitia haraka. Picha ikiwa imepigwa kwa upande, mistari inapanda kama mlima na namba ya mwisho ya mstari wa pili unaweza kudhani ni ya mstari wa kwanza, hivo hesabu tatu, tatu, tatu. 1 na 7 zichunguze kwa kulinganisha na 1 nyingine za mtu huyo huyo. Angalia pia matriksi imezungukwa na nini, mabano ya kawaida au ya pembe ni matriksi, ila mistari miwili iliyosimama wima maana yake umeshaambiwa utafute determinanti tu. Na kama we ndo unayetuma, piga mchana karibu na dirisha bila flashi, simu ikae juu ya daftari moja kwa moja, ukurasa wote uonekane mpaka kipengele cha mwisho, alafu itume kama dokumenti badala ya picha ili isibanwe.

Hatua ya pili, ujue opereshoni tatu na kila moja inafanya nini kwenye determinanti

Tuelewane maneno kwanza. Mstari ni wa kulala, safu ni ya kusimama. R1 ni mstari wa kwanza, R2 wa pili, R3 wa tatu. Unaruhusiwa kufanya vitu vitatu tu: kubadilishana nafasi mistari miwili, kuzidisha au kugawanya mstari mzima kwa namba isiyo sifuri, na kuongeza au kutoa mara-kadhaa ya mstari mmoja kwenye mstari mwingine.

Kwa invesi zote tatu ni sawa, fanya tu. Kwa determinanti ndo kuna maneno. Ukibadilishana mistari miwili, determinanti inageuka alama, chukua tu ile matriksi ya mbili kwa mbili yenye 1 na 0 juu, 0 na 1 chini, determinanti yake ni 1, zipindue uone, inakuwa 0 toa 1 yaani hasi 1. Ukizidisha mstari kwa 3, determinanti yote inazidishwa kwa 3. Ukitoa kwenye R2 mara mbili ya R1, determinanti haiguswi, kwa sababu kile ulichoongeza ni sawa na determinanti yenye mistari miwili inayofanana, na hiyo ni sifuri. Kwa hiyo ya tatu ndo rafiki yako, itumie kadiri unavyoweza, na hizo mbili za mwanzo ukizitumia weka alama pembeni ya ukurasa. Mi huwa nawaambia wanafunzi wachore kiboksi kidogo kulia waandike "nimepindua mara 1", "nimepindua mara 2", hivo hivo.

Hatua ya tatu, panga matriksi na aidentiti pembeni

Andika matriksi yako kushoto, chora mstari wa kusimama, kulia andika aidentiti, ile yenye 1 kwenye dayagonali na sifuri kwingine kote. Kila utakachofanya kushoto unakifanya na kulia, namba zote sita za mstari. Lengo ni kushoto kugeuke kuwa aidentiti, na kikigeuka, kilichobaki kulia ndo invesi.

Kwanini inakuwa hivo? Kila opereshoni ni sawa na kuzidisha kwa kimatriksi fulani kutoka kushoto. Ukivikusanya vyote vilivyoibadilisha A ikawa aidentiti, kwa pamoja ni ile matriksi ambayo ukizidisha na A unapata aidentiti, na hiyo ndo maana ya invesi. Upande wa kulia ulianza na aidentiti kwa hiyo unarekodi tu hivyo vimatriksi vilivyopita.

```
2   1   2  |  1   0   0
1   2  -1  |  0   1   0
3   1   3  |  0   0   1
```

Tunataka 1 pale juu kushoto. Njia moja ni kugawanya R1 kwa 2, lakini utapata nusu mapema na nusu zitakufuata mpaka mwisho, na R2 tayari ina 1 mwanzoni. Kwa hiyo pindua R1 na R2, alafu kwenye kiboksi andika nimepindua mara 1.

```
R1 <-> R2

1   2  -1  |  0   1   0
2   1   2  |  1   0   0
3   1   3  |  0   0   1
```

Sasa tunafuta ile 2 na ile 3 chini ya 1. R2 tunatoa mara mbili ya R1, R3 tunatoa mara tatu ya R1. Twende taratibu kwenye R2 maana hapa ndo watu wengi wanaanguka. Namba ya kwanza 2 toa 2 ni 0. Ya pili 1 toa 4 ni hasi 3. Ya tatu ni 2 toa mara mbili ya hasi 1, yaani 2 toa hasi 2, inakuwa 2 jumlisha 2, ni 4. Mtu akikimbia anaandika 2 toa 2 ni 0, na angalia balaa lake, akifanya na R3 hivo hivo anaandika 3 toa 3 ni 0, anapata safu ya tatu yenye sifuri mbili na anarudi kule kule kwenye determinanti ya sifuri hata kama picha aliisoma vizuri. Yaani kuipoteza hasi kwenye picha na kuipoteza kwenye kutoa vinakupeleka shimo moja. Kulia, 1 toa 0 ni 1, 0 toa 2 ni hasi 2, 0 inabaki 0.

R3 sasa, 3 toa 3 ni 0, 1 toa 6 ni hasi 5, 3 jumlisha 3 ni 6, na kulia 0, hasi 3, 1.

```
R2 -> R2 - 2R1
R3 -> R3 - 3R1

1   2  -1  |  0   1   0
0  -3   4  |  1  -2   0
0  -5   6  |  0  -3   1
```

Hizi opereshoni mbili nimeziandika pamoja kwa sababu zote zinatumia R1 na R1 yenyewe haikubadilika. Hapo hakuna shida. Shida inakuja mtu anapobadilisha R2 kwa kutumia R3 na hapo hapo anabadilisha R3 kwa kutumia R2 ya zamani, hiyo tayari siyo opereshoni ya mistari tena na jibu litaharibika bila we kujua. Kama mstari umeshabadilika, tumia mpya.

Tunahitaji sasa 1 katikati, na tuna hasi 3 na hasi 5. Kitabu kitakwambia gawanya R2 kwa hasi 3, utapata hasi theluthi nne pale, sio dhambi, inafika. Ila ukitulia sekunde kumi utaona hasi 5 ukitoa mara mbili ya hasi 3 unapata 1, hasi 5 jumlisha 6. Kwa hiyo R3 toa mara mbili ya R2, sehemu zinakaa mbali na determinanti haiguswi. Namba ya tatu ni 6 toa 8, hasi 2. Kulia ni 0 toa 2, hasi 2, alafu hasi 3 jumlisha 4, ni 1, alafu 1 inabaki 1.

```
R3 -> R3 - 2R2

1   2  -1  |  0   1   0
0  -3   4  |  1  -2   0
0   1  -2  | -2   1   1
```

Ile 1 iko chini tunaitaka katikati, pindua R2 na R3. Kiboksi sasa kinasoma mara 2. Alafu futa hasi 3 kwa kuongeza mara tatu ya R2 mpya kwenye R3. Hasi 3 jumlisha 3 ni 0, 4 toa 6 ni hasi 2, na kulia 1 toa 6 ni hasi 5, hasi 2 jumlisha 3 ni 1, 0 jumlisha 3 ni 3.

```
R2 <-> R3
R3 -> R3 + 3R2

1   2  -1  |  0   1   0
0   1  -2  | -2   1   1
0   0  -2  | -5   1   3
```

Hatua ya nne, simama hapa uchukue determinanti

Usiendelee kwanza. Kushoto sasa kuna pembetatu, chini ya dayagonali ni sifuri tupu, na determinanti ya pembetatu ni kuzidisha namba za dayagonali tu: 1 mara 1 mara hasi 2, ni hasi 2. Angalia kiboksi, tumepindua mara mbili, alama iligeuka ikarudi, na hakuna mstari tuliouzidisha wala kuugawanya. Kwa hiyo determinanti ya A ni hasi 2. Ingekuwa umepindua mara moja tu ungeibadilisha alama.

Hakikisha kwa njia ya kawaida ya kufungua mstari wa kwanza, kwa matriksi ya mwanzo kabisa na alama zake jumlisha, toa, jumlisha:

```
det A = 2(2*3 - (-1)*1) - 1(1*3 - (-1)*3) + 2(1*1 - 2*3)
      = 2(7) - 1(6) + 2(-5)
      = 14 - 6 - 10
      = -2
```

Zimekutana. Zisipokutana, angalia kwanza kama zinatofautiana alama tu, hiyo ni kupindua uliyosahau kuandika. Kama moja ni mara mbili au mara tatu ya nyingine, kuna mstari uliuzidisha.

Na hilo la kuzidisha ngoja nilionyeshe, maana kwenye madaftari ya tuisheni naliona kila wiki. Tulipokuwa na R2 ya 0, hasi 3, 4 na R3 ya 0, hasi 5, 6, wengi wanafanya mara tatu ya R3 toa mara tano ya R2. Ni akili nzuri, inakwepa sehemu, na inatoa 0, 0, hasi 2. Dayagonali sasa ni 1, hasi 3, hasi 2, ukizidisha ni 6, na kwa kuwa umepindua mara moja tu unageuza alama, hasi 6. Mtu anaandika hasi 6 anafunga daftari. Lakini ulizidisha R3 kwa 3 kabla ya kutoa, determinanti imekua mara tatu, lazima ugawanye kwa 3, hasi 6 gawanya kwa 3 ni hasi 2. Kwa invesi hilo halina madhara yoyote, ukifanya na upande wa kulia utaona mstari unatoka hasi 5, 1, 3, ule ule wa kwetu. Ndo maana linasumbua sana, mtu anapata invesi sahihi na determinanti mbovu kwenye ukurasa mmoja na haelewi imekuwaje.

Na kama hapa ungepata mstari mzima wa sifuri kushoto, basi hakuna invesi, kulia kuwe na nini kuwe. Lile la kusoma vibaya lingeishia hapo hapo, R2 ingekuwa 0, hasi 3, 0 na R3 ingekuwa 0, hasi 5, 0, na moja ingemfuta mwenzake yote.

Hatua ya tano, panda juu umalizie invesi

Tumeshuka kufuta chini ya dayagonali, sasa tunapanda kufuta juu yake. Gawanya R3 kwa hasi 2. Determinanti tumeshaichukua kwa hiyo hakuna cha kuandika kwenye kiboksi.

```
R3 -> R3 / (-2)

1   2  -1  |   0     1     0
0   1  -2  |  -2     1     1
0   0   1  |  5/2  -1/2  -3/2
```

Nusu zimekuja, na zilitakiwa kuja, determinanti ikiwa hasi 2 usishangae kuona mbili chini kwenye invesi. Ukiona theluthi au robo kwenye swali hili ujue kuna mahali umeteleza, kwa sababu namba zote za A ni nzima na invesi ni namba nzima zilizogawanywa kwa determinanti, hivo chini haiwezi kukaa kitu kingine zaidi ya 2 au 1.

Ongeza mara mbili ya R3 kwenye R2, na ongeza R3 mara moja kwenye R1. R2 kulia: hasi 2 jumlisha 5 ni 3, 1 toa 1 ni 0, 1 toa 3 ni hasi 2. R1 kulia: 0 na 5/2 ni 5/2, 1 toa nusu ni nusu, 0 na hasi 3/2 ni hasi 3/2.

```
R2 -> R2 + 2R3
R1 -> R1 + R3

1   2   0  |  5/2   1/2  -3/2
0   1   0  |   3     0    -2
0   0   1  |  5/2  -1/2  -3/2
```

Imebaki ile 2 ya juu. R1 toa mara mbili ya R2: 5/2 toa 6 ni hasi 7/2, nusu toa 0 ni nusu, hasi 3/2 jumlisha 4 ni 5/2.

```
R1 -> R1 - 2R2

1   0   0  | -7/2   1/2   5/2
0   1   0  |   3     0    -2
0   0   1  |  5/2  -1/2  -3/2
```

Kushoto ni aidentiti. Kulia ndo invesi, na mi napenda kuitoa ile nusu nje ili kuhakikisha kuwe kwepesi:

```
            | -7   1   5 |
inv(A) = 1/2|  6   0  -4 |
            |  5  -1  -3 |
```

Angalizo dogo kwa wanaopenda safu. Kwenye determinanti peke yake unaweza kuchanganya opereshoni za mistari na za safu, haikatazwi. Kwenye invesi kwa njia hii ya kuweka aidentiti kulia usiguse safu hata mara moja, ukigusa kile cha kulia siyo invesi tena.

Hatua ya sita, hakikisha, na ujue uhakiki wako unaona nini

Zidisha A na invesi. Ukiacha ile nusu nje unatakiwa upate 2 kwenye dayagonali na sifuri kwingine. Mstari wa kwanza wa A ni 2, 1, 2, na safu ya kwanza ya ile ya ndani ni hasi 7, 6, 5: hasi 14 jumlisha 6 jumlisha 10 ni 2. Safu ya pili: 2 jumlisha 0 toa 2 ni 0. Safu ya tatu: 10 toa 4 toa 6 ni 0. Mstari wa kati wa A, ule wenye hasi yetu, 1, 2, hasi 1: kwanza hasi 7 jumlisha 12 toa 5 ni 0, pili 1 jumlisha 0 jumlisha 1 ni 2, tatu 5 toa 8 jumlisha 3 ni 0. Mstari wa mwisho fanya mwenyewe, unatoka 0, 0, 2. Fanya zote tisa, kwa sababu kosa moja la mstari wa mwisho linaweza lisionekane kwenye mstari wa kwanza.

Sasa hapa nataka usikilize vizuri. Uhakiki huu unakuambia umekokotoa vizuri ile matriksi uliyoiandika kwenye karatasi yako. Haukuambii kama uliyoiandika ndo iliyokuwa ubaoni. Ungesoma 7 mahali pa 1 ukapata invesi, ungezidisha na matriksi yenye 7 na ungepata aidentiti safi kabisa, na bado swali umekosa. Kwa hiyo unazidisha kwa matriksi unayoisoma upya kutoka kwenye picha au daftari, usiichukue kwenye kazi yako, na kama kuna kipengele b kitumie. Swali la shule majibu yake ya x, y, z mara nyingi ni namba nzuri, ukianza kupata 37 gawanya kwa 19 rudi ukaangalie hasi zako na 1 zako.

Kwa hili la kwetu, zidisha invesi na 6, 4, 8. Mstari wa juu: hasi 42 jumlisha 4 jumlisha 40 ni 2, nusu yake 1. Wa kati: 36 jumlisha 0 toa 32 ni 4, nusu yake 2. Wa chini: 30 toa 4 toa 24 ni 2, nusu yake 1. x ni 1, y ni 2, z ni 1.

Hiyo ya mwisho sikumfanyia, nilimwachia. Saa nne kasoro akatuma "Mjomba nimepata 1, 2, 1, nimeweka kwenye zote tatu zimekubali", na picha ya ukurasa, safari hii simu ilikuwa juu ya daftari moja kwa moja, na ile hasi ya mstari wa kati ameiandika katikati ya nafasi, mbali na mstari wa bluu, hata bila kuvuta picha unaiona.